Wimbo wa miaka ya 80 uliotungwa na simu: sauti ile ni ya nani?

Mwezi Januari 2025, chama cha watunzi wa muziki cha Ujerumani kiitwacho GEMA kilifungua kesi katika mahakama ya mjini Munich dhidi ya kampuni ya Marekani, Suno. Kampuni hiyo ina programu ya akili mnemba inayotunga nyimbo: unaandika maneno machache, unasubiri kama dakika moja, unapata wimbo mzima wenye ala na mwimbaji. Miongoni mwa nyimbo ambazo GEMA ilidai kwamba programu hiyo ilitoa kitu kinachofanana nazo mno ni "Forever Young" ya kundi la Alphaville, wimbo wa Kijerumani wa mwaka 1984 ulioimbwa kwa Kiingereza. Waliokuwa na redio wakati ule wanaukumbuka.

Tumechagua kueleza jambo hili kwa kupitia aina moja tu ya muziki, ile ya miaka ya 80 ya vinanda vya umeme, ngoma zinazolia "pa!" kama mlango unaobamizwa, na kiitikio kinachopaa juu. Sababu ni mbili. Kwanza, nyimbo za namna hiyo zimeanza kufika katika simu ya kituo chetu, nyingine zikiwa na maneno ya Kiswahili, na wanaozituma wanatuuliza kama tunaweza kuzipiga hewani. Pili, katika muziki huo ni rahisi kuonyesha kwa sikio mahali ambapo kuiga mtindo kunaishia na kuchukua mali ya mtu kunaanzia.

Tuanze na ile ngoma, maana haikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1979, katika studio ya Townhouse jijini London, fundi mitambo Hugh Padgham alikuwa akirekodi albamu ya tatu ya Peter Gabriel. Mmoja wa wapiga dramu alikuwa Phil Collins. Miksa waliyokuwa wakitumia ilikuwa na kipaza sauti kilichotundikwa ndani ya chumba cha wanamuziki kwa kazi moja tu: fundi aliye upande wa pili wa kioo aweze kusikia wanachosema. Kipaza sauti hicho kilibana sauti kwa nguvu sana, ili mnong'ono na kelele visikike kwa kiwango kimoja. Collins alipopiga dramu kipaza sauti kikiwa wazi, sauti ikatoka kubwa ya kutisha, na chumba kizima kikavuma ndani yake. Padgham aliipenda, akataka nyaya za miksa zibadilishwe ili aweze kuirekodi. Kisha akaongeza kifaa cha pili ambacho mafundi wanakiita geti. Kazi yake ni kama jina lake: sauti ikishuka chini ya kiwango fulani, geti linafungwa na hakipiti kitu tena.

Hapo ndipo mlio ulipozaliwa. Kwa kawaida ukipiga makofi kwenye kanisa tupu, mwangwi unafifia polepole. Katika ngoma ya Padgham mwangwi unaanza mkubwa kuliko kanisa, halafu unakatwa ghafla kabla haujafifia. Sikio linapata ukubwa wa chumba bila ule ukungu unaofuata, na mwimbaji anabaki na nafasi yake. Collins aliupeleka mlio huo katika wimbo wake mwenyewe, "In the Air Tonight", uliotoka Januari 1981, na baada ya hapo kila studio ikautaka. Miaka michache baadaye ziliuzwa mashine za mwangwi zenye mlio huo tayari ndani, ukibonyeza tu unao.

Vinanda navyo vina historia yake. Mwaka 1982 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa kinanda cha Juno-60 chenye kitufe kinachochukua kodi uliyoishika kwa vidole na kuzipiga noti zake moja moja, haraka, zikipanda na kushuka bila kuchoka. Mafundi wanaita apejio. Ndiyo ile sauti ya kumetameta inayozunguka nyuma ya mwimbaji, kama matone ya mvua kwenye bati yanayofuata mdundo. Mwaka 1983 ukaja DX7 wa Yamaha, wenye mlio mkali wa kengele na wa kioo. Ngoma ya Padgham, apejio na mlio wa kioo: ukivipata vitatu hivi pamoja, mtu yeyote aliyezaliwa kabla ya 1980 atakwambia ni miaka gani.

Sasa mashine. Wengine wanaiita jenereta ya muziki, jina ambalo kwa wengi wetu ni la kile kinachokunywa dizeli nyuma ya duka, kwa hiyo hapa tutasema mashine ya nyimbo. Ndani yake hamna geti, hamna kinanda wala chumba cha mawe. Imelishwa rekodi nyingi mno pamoja na maelezo yake, ikajifunza kwamba maneno fulani huenda na milio fulani. Agosti 2024, Suno yenyewe iliandika katika majibu yake mahakamani nchini Marekani kwamba mafunzo yake yalitumia kwa kiasi kikubwa faili zote za muziki zenye ubora wa kuridhisha zinazopatikana kwenye intaneti ya wazi, makumi ya mamilioni ya rekodi. Ikadai kwamba kufanya hivyo ni matumizi halali chini ya sheria ya Marekani. Kwa hiyo ukiandika neno la Kiingereza la ngoma iliyokatwa mwangwi, mashine inatoa kinachofanana na maelfu ya ngoma zilizopewa jina hilo, pamoja na kazi ya Padgham na Collins.

Tulijaribu wenyewe pale studio, kwa akaunti ya bure. Jaribio la kwanza tuliandika kama mtu yeyote angeandika:

```
80s pop song, happy
```

Tulichopata kilikuwa chepesi na kizuri, lakini hakikuwa cha miaka ya 80. Ngoma zilikuwa kavu na safi kama za leo, na kasi ilikuwa kubwa mno. Sababu yake inafaa kueleweka. Kwenye intaneti, neno "80s" limebandikwa si kwenye nyimbo za wakati ule peke yake, bali pia kwenye nyimbo za baadaye zinazoiga wakati ule. "Blinding Lights" ya The Weeknd, iliyotoka Novemba 2019, inafahamika kila mahali kama wimbo wa mtindo wa miaka ya 80, lakini unakimbia mapigo 171 kwa dakika. Nyimbo nyingi halisi za mtindo huo za wakati ule zilitembea kati ya 100 na 130. Ukitaja muongo tu, mashine inakupa kumbukumbu ya kumbukumbu.

Na ni kumbukumbu ya mahali fulani, pia. Miaka ya 80 redioni kwetu ilikuwa magitaa na matarumbeta. Mlimani Park na Maquis hawakuhitaji geti la Padgham. Mashine haijui hivyo. Ukiiambia "80s" itakupeleka London, Ujerumani au Marekani, hata kama maneno ya wimbo ni ya Kiswahili.

Jaribio la pili tuliacha kutaja hisia, tukataja vitu:

```
1980s synth-pop, 118 BPM, gated reverb snare,
bright arpeggiated synth, low restrained verse,
soaring chorus, female lead, Swahili vocals
```

Maelekezo haya yanaandikwa kwenye kisanduku cha mtindo, na maneno ya wimbo kwenye kisanduku kingine. Angalia kwamba hatukuandika "ngoma kubwa". Tuliandika jina la mlio wenyewe, na tukataja ngoma ipi: "snare", ile ndogo yenye waya chini inayopiga pigo la pili na la nne. Usipoitaja, mashine inaweza kumwaga mwangwi juu ya kila kitu, na wimbo mzima ukasikika kama umerekodiwa ndani ya tangi la maji.

Kujua kama umepata ngoma yenyewe huhitaji chombo. Tafuta sehemu ambapo ngoma inalia na vyombo vingine vimepungua, kwa kawaida mwanzoni au kabla ya kiitikio cha mwisho. Sikiliza mkia wa mlio. Ukififia kama sauti inayoondoka bondeni, huo ni mwangwi wa kawaida. Ukikatika kama mtu aliyezibwa mdomo, geti lipo. Kasi nayo inapimwa kwa saa ya ukutani: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kwa 118 unapaswa kupata 29 au 30. Mashine haitii namba kila mara. Mara moja tulihesabu 32, maana yake 128, tukaomba upya.

Kiitikio kinachopaa ndicho kilichotushughulisha zaidi. Kuandika "soaring chorus" peke yake kuliongeza vyombo na kelele, lakini sauti ya mwimbaji haikupanda, kwa sababu ubeti wenyewe ulikuwa tayari juu. Kupaa ni tofauti ya kimo. Ndiyo maana tuliongeza yale maneno ya ubeti wa chini uliojizuia: mwimbaji akianza chini, akikaribia kunong'ona, kiitikio kinapata mahali pa kupandia. Katika kisanduku cha maneno tuliweka pia alama za sehemu, kila moja kwenye mstari wake juu ya maneno yake:

```
[Verse]
[Pre-Chorus]
[Chorus]
```

Ile ya katikati ni mistari miwili mifupi ya kupandia ngazi. Bila hiyo, mashine iliingia kwenye kiitikio kama gari linalovuka tuta bila kupunguza mwendo.

Halafu kuna Kiswahili. Mstari wetu wa kwanza wa kiitikio ulikuwa "Taa iwake, mimi narudi". Mwimbaji wa mashine aliivuta noti ya juu kabisa kwenye "i" ya mwisho, ikatoka nyembamba kama filimbi, tena akaweka mkazo kwenye "di" badala ya "ru". Kila mzungumzaji anajua mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mashine iliyosikia Kiingereza kingi kuliko Kiswahili hailijui hilo vizuri. Tuligeuza mstari ukawa "Narudi, narudi, taa inawaka". Sasa noti ndefu ikaangukia "wa" na "ka", vokali iliyo wazi, na mkazo ukaa mahali pake. Maneno kama "mvua" na "mbegu" yalitusumbua pia, kwani mara nyingine mashine ilichomeka vokali na kuimba "muvua". Dawa tuliyoipata ni kutoyaweka maneno hayo kwenye noti ndefu.

Kwa anayetumia bando la simu, jambo moja la gharama: kila ombi linatoa nyimbo mbili, na akaunti ya bure ilitupa nafasi ya maombi matano kwa siku. Wimbo wa dakika tatu ni kama megabaiti tatu hadi tano. Sikiliza sekunde 40 za mwanzo. Kama ngoma si yenyewe, acha hapo, usimalizie.

Turudi Munich. Katika kazi yetu yote hapo juu hatukuandika jina la mwanamuziki. Suno hukataa majina ya wasanii kwenye maelekezo, na kampuni inaweza kusema kwamba kwa hiyo hakuna anayeibiwa. Kisheria, sehemu ya hoja hiyo ina uzito. Mtindo hauna mwenyewe. Padgham hawezi kumshitaki mtu kwa kukata mwangwi wa ngoma, na Roland haidai chochote kwa sababu umepiga apejio. Kama ingekuwa vinginevyo, nusu ya nyimbo za mwaka 1985 zingekuwa mahakamani. Chenye mwenyewe ni melodi fulani, maneno fulani, na rekodi fulani.

Hoja ya GEMA ni kwamba mashine inavuka mpaka huo. Inasema kwamba ilitoa sauti ambazo kwa melodi, kodi na mdundo zinalingana kwa sehemu kubwa na nyimbo maarufu, zikiwemo za Alphaville. Mahakama hiyohiyo ya Munich, tarehe 11 Novemba 2025, ilikuwa imeamua kesi nyingine ya GEMA dhidi ya kampuni ya OpenAI kuhusu maneno ya nyimbo tisa za Kijerumani. Iliona kwamba programu ikihifadhi maneno ya wimbo ndani yake kiasi cha kuweza kuyatoa tena, huko ni kunakili. Hilo ni zito, kwa sababu kampuni hizi zimezoea kusema kwamba mashine inajifunza kama mwanafunzi, haihifadhi.

Nchini Marekani njia imekuwa nyingine. Juni 2024, kampuni kubwa tatu za muziki, Universal, Sony na Warner, zilishitaki Suno mjini Boston na mwenzake Udio mjini New York. Oktoba 2025 Universal ikapatana na Udio. Novemba Warner ikapatana na zote mbili. Mapatano hayo yalimgusa mtumiaji mara moja: Udio ilizuia watu kupakua nyimbo walizotengeneza, na Suno ikatangaza kwamba katika programu yake mpya nyimbo za akaunti ya bure zitasikilizwa na kushirikishwa lakini hazitapakuliwa. Mtazamo wetu ni kwamba hapa waliopatana ni wenye rekodi na wenye mashine. Mpiga dramu wa kukodiwa ambaye mlio wake umo ndani ya rekodi hizo, na aliyelipwa mara moja mwaka 1984, sauti yake haikusikika mezani.

Kwa kijana anayetutumia wimbo, maswali ni mawili, na hujibiwa tofauti. La kwanza: naweza kuuuza? Masharti ya akaunti ya bure ya Suno yanasema hapana, ni kwa matumizi yasiyo ya biashara. Haki ya biashara inakuja na akaunti ya kulipia, na kulipia baadaye hakubadilishi wimbo uliotengenezwa ulipokuwa bure. Tangazo la duka la pembejeo lililotengenezwa kwa akaunti ya bure ni biashara, hata kama duka ni la shemeji yako.

La pili: ni wangu? Ofisi ya hakimiliki ya Marekani, katika ripoti yake ya Januari 2025, ilisema kwamba maelekezo peke yake hayamfanyi mtu kuwa mtunzi wa kilichotoka, kwa sababu aliyeamua noti zipi zipigwe si yeye. Kwa hiyo ngoma, apejio na melodi ambavyo mashine imevitoa vinaweza kukosa ulinzi kabisa. Jirani akivichukua huna pa kumshitakia. Lakini maneno uliyoyaandika kwa mkono wako ni kazi yako, hata bila kuyasajili. Huo ndio msingi wa Mkataba wa Berne, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. "Narudi, narudi, taa inawaka" ni yetu. Ile "pa!" iliyo nyuma yake si yetu.

Hivyo wanaotutumia nyimbo za namna hii tunawaomba mambo matatu katika ujumbe huohuo: maneno ya wimbo kwa maandishi, jina la aliyeyaandika, na jina la mashine pamoja na aina ya akaunti. Kabla ya kupiga, mmoja wetu anauimba ule mstari wa juu wa kiitikio bila maneno, "la la la", mbele ya wenzake waliokaa studio miaka mingi. Wiki iliyopita wimbo mmoja ulisimamishwa hapo. Mzee wa maktaba yetu ya kanda alisikiliza noti sita, akaendelea na noti ya saba mpaka ya kumi na mbili kabla mwimbaji hajafika, na zilikuwa zilezile. Aliyeutuma alikuwa hajawahi kuusikia wimbo wenyewe. Tulimpigia, tukamwambia abaki na maneno yake na aombe melodi nyingine.